Karatasi Mbili za Lori Moja

Likoni wanasema mimi ndiye niliyeliachia lori. Wanasema nilikuwa nalo mkononi nikafungua vidole. Wengi wa wasemao hawakuwapo. Mmoja aliyekuwapo, ndugu yangu Boga, ndiye asemaye kuliko wote, na kwa kuwa yeye hukaa barazani na mimi hukaa jikoni, maneno yake yamefika mbali kuliko yangu. Basi na mimi niseme.

Jina langu ni Waridi binti Ishaka, wa Mtongwe. Skuli sikwenda. Chuoni, kwenye Kurani, nilifika juzuu ya mwisho, nikatolewa nikalee watoto wa mama mdogo, na hao watoto leo hunipita njiani bila ya shikamoo. Niliolewa na Mwidani, nikakaa naye miaka mingi, akaniacha na deni lake akaenda kuoa Utange. Sikumfuata. Nilichobaki nacho ni minazi aliyoniachia baba. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na minazi ni kitu kingine. Unaweza kusimama juu ya ardhi ya mtu mwengine na mnazi ukawa wako. Yangu ilikuwa mizuri, mirefu, ya kuzaa, na ilikuwa ndiyo mume wangu na mwanangu.

Tatizo langu lilikuwa njia. Nazi na mbata, yaani nazi kavu, hazina maana zikiwa Mtongwe. Maana yake iko ng'ambo, Mombasa. Wenye malori walikuwa wakija wanapotaka, wanachukua wanachotaka, na wakichelewa mbata zinaota ukungu, nami nauza kwa bei ya huruma. Mwaka ule kabla ya uhuru, kila mtu akizungumza habari ya nani atachukua nini Wazungu wakiondoka, mimi nilikuwa nikizungumza habari ya lori. Boga alikuwa na leseni ya udereva. Nikasema, nitanunua langu, Boga ataendesha.

Fedha ya kutanguliza, ile arubuni, sikuwa nayo. Nikaweka minazi rehani kwa mwenye duka mmoja wa hapo kwetu. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyakumbuka. Nikimrudishia fedha zake kabla ya mwezi wa nne, kabla ya masika, minazi yangu. Nisiporudisha, minazi yake. Alinipa mkono akatabasamu, nami nikaliona lile tabasamu. Hesabu yangu ilikuwa kwamba lori likifika mapema, mbata za msimu wa kaskazi zitanilipia rehani. Na lori lisipofika, angalau arubuni irudi, niikomboe minazi. Hapo katikati hapakuwa na njia ya tatu.

Muuzaji alikuwa Bwana Taibali, Mhindi wa Kibohora, mwenye ua wa magari Changamwe karibu na reli. Alikuwa akiagiza malori yaliyotumika Ulaya, yakija na kichwa na fremu tupu, kisha mafundi wa hapa wanayaundia bodi ya mbao. Mimi na Boga tulivuka feri, tukapanda basi mpaka Makupa, tukapanda jengine, tukafika kwake jua limekwisha kuwa kali. Akatupa chai. Akatoa karatasi, imepigwa taipu kurasa mbili, akaisukuma mbele ya Boga.

Boga akatoa kalamu mfukoni. "Natia wapi sahihi?"

"Isomwe kwanza," nikasema.

"Ni karatasi ya kawaida, mama," alisema Taibali. Alikuwa akinijibu mimi na kumtazama Boga. "Wateja wangu wote hutia sahihi hiyohiyo."

"Kama ni ya kawaida haitaona haya kusomwa."

"Dada," Boga akaninong'oneza, "usitutie aibu kwa watu."

Nikaikunja ile karatasi nikaitia kwenye kikapu, nikashukuru kwa chai. Njia nzima ya kurudi Boga alitembea mbele yangu. Kwenye feri alisimama upande wa wanaume akatazama maji.

Hapo Changamwe, upande wa sokoni, palikuwa na mtu aitwaye Kitsao, Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo. Aliwahi kuwa karani kwa mawakala wanaotoa mizigo bandarini Kilindini. Sasa alikuwa na taipu yake kwenye baraza ya duka la mkaa, akiwaandikia watu barua na makubaliano. Alikuwa mtu wa kujipenda kidogo. Kabla ya kusoma chochote hupangusa miwani, hukohoa, ndipo aanze. Nilimwendea siku ya pili peke yangu.

Alisoma, akatikisa kichwa. "Mama Waridi, huyu bwana amejifunika shuka zima, wewe amekuachia pindo."

"Niambie kwa Kiswahili."

"Kwanza, hatari. Anasema lori likishapakiwa melini huko Ulaya, hatari ni yako. Likizama, umezamiwa wewe. Likifungwa juu ya sitaha likaliwa na chumvi njia nzima, kutu ni yako. Bima ipo, lakini ameandika bima ndogo, ya meli kuzama na kuungua. Kutu haimo."

"Na fedha zilizobaki?"

"Utazilipa zote. Pili, kasoro. Anasema linauzwa kama lilivyo. Serikali ina sheria ya uuzaji wa bidhaa, inasema mfanyabiashara akijua unanunua kitu kwa kazi fulani, nawe unamtegemea ujuzi wake, kitu hicho kiifae kazi hiyo. Lakini sheria hiyohiyo inawaruhusu watu wawili wakubaliane kuiondoa. Yeye ameiondoa, kwa mstari mmoja mdogo hapa chini. Tatu, forodha. Likikawia forodhani, kwa sababu yoyote, kodi ya banda la kuwekea mizigo utalipa wewe, na arubuni hairudi kwa hali yoyote."

Nikamwambia aurudie mstari ule. Hairudi kwa hali yoyote. Minazi yangu ilikuwa ndani ya maneno manne, na ndugu yangu alikuwa na kalamu imefunguliwa.

"Niandikie yangu," nikamwambia.

Hapo nami sikuangalia sawasawa. Kitsao alikuwa akitoza kwa ukurasa, na mtu anayetozwa kwa ukurasa humpati akiandika kidogo. Alinitolea karatasi ndefu kuliko ya Taibali. Humo hatari yote ilikuwa ya muuzaji mpaka lori lisimame mlangoni pangu Mtongwe. Kasoro yoyote, ya namna yoyote, mwaka mzima, Taibali anatengeneza. Kukawia kokote, Taibali analipa. Aliponisomea nilifurahi kama mtoto wa Idi. Nilipofika nyumbani nikaanza kuwa na shaka, maana kitu kinachonipendeza mimi upande mmoja tu, nimekwisha kukiona mwisho wake.

Tukaenda kwa Taibali wote watatu, mimi, Kitsao na Boga. Akavaa miwani, akasoma karatasi ya Kitsao taratibu, na kila alipogeuza ukurasa akatazama nyuma yake kuona kama imekwisha.

"Mwaka mzima?" alisema. "Bwana Kitsao, mke wangu mwenyewe sikupewa dhamana ya mwaka."

Boga akacheka. Kitsao akakohoa. "Mteja wangu anataka kujilinda."

"Ajilinde. Lakini hapa umeandika mpaka mlangoni pake Mtongwe. Feri ikizama pale Likoni, lori ni langu?"

"Ndivyo nilivyoandika."

"Umeandika vizuri sana, hati safi. Hakuna atakayetia sahihi."

"Na yako hakuna atakayetia," nikasema.

"Ndugu yako alitaka kutia."

"Ndugu yangu hana mnazi hata mmoja ndani ya karatasi hiyo."

Boga akaondoka, akaenda kusimama uani kuyatazama magari. Asubuhi ile ikaisha hivyo. Karatasi mbili mezani, kila moja inavuta kwake, na watu wazima watatu tumekaa kama watoto wanaogombania kamba. Tulirudi tena juma lililofuata, ikawa vilevile. Kitsao anasoma kifungu chake, Taibali anasoma chake, wanatukanana kwa adabu, chai inapoa. Wakifika mahali pa kukubaliana wanamtazama Boga. Nauli ya basi na feri nalipa mimi. Mara ya tatu feri iliharibika tukasimama ukingoni mpaka adhuhuri, na nilipofika nilikuwa nimechoka na adabu.

"Acheni kusoma," nikawaambia. "Mmesoma vya kutosha. Weka karatasi yako hapa, na wewe yako hapa, sambamba. Sasa tulifuate lile lori. Liko Ulaya, halijapakiwa. Likiharibika leo ni la nani?"

"La kwangu," alisema Taibali. "Hapo hatuna ugomvi."

"Karatasi zote mbili zinasema hivyo," alisema Kitsao.

"Haya. Limepandishwa melini."

"La kwako," alisema Taibali.

"La kwako," alisema Kitsao kwa Taibali.

"Kwa nini liwe langu?" nikamwuliza Taibali. "Meli nimeichagua mimi? Bima nimeinunua mimi? Nani anayejua litafungwa chini au juu ya sitaha?"

Akapiga hesabu kwa vidole. "Nikichukua hatari ya baharini itabidi ninunue bima kubwa. Ya kutu na ya kuvunjika. Bei itapanda."

"Ipande kiasi gani?"

Akataja. Kitsao akaandika pembeni. Ilikuwa kiasi cha kuuma, si cha kuua. Nikakubali, kwa sharti lipakiwe chini, si sitahani, na bei iwe moja ya mwisho, na ushuru ndani yake.

"Na ushuru ukipanda?" Taibali akauliza. "Mama, mwaka huu nani anajua? Serikali mpya ikija ikasema malori yote ushuru mara mbili, nitakula nini?"

Hilo lilikuwa neno la haki, nikaliona hivyo ingawa sikupenda. Tukakubaliana: forodha wakisema thamani aliyoandika ni ndogo wakamtoza zaidi, ni juu yake, maana thamani ameiandika yeye. Serikali ikibadilisha kiwango cha ushuru, tunagawana nusu kwa nusu.

"Limeshuka gatini," nikaendelea. "Liko forodhani. Halitoki. Kodi ya banda inapanda kila siku. Ni ya nani?"

"Yako," mmoja. "Yake," mwengine.

"Halitoki kwa nini?"

Wakanitazama.

"Nauliza halitoki kwa nini. Mtoto akilia humpigi kabla ya kuuliza."

Kitsao akavua miwani. Nadhani siku ile ndipo alipokumbuka kazi yake ya zamani, akaacha kuandika kurasa. Akaanza kutaja sababu alizoziona Kilindini mwenyewe. Ankara ina kosa. Hati ya mzigo ya meli haijafika, iko bado kwenye posta. Ruhusa ya kuingiza haikuombwa. Hizo zote ni karatasi za muuzaji. Kisha kuna mnunuzi aliyekwisha kuitwa, fedha zilizobaki hana, anajificha. Hilo ni la mnunuzi. Kisha kuna lisilo la mtu: makuli wamegoma, meli zimejaa hazina gati, maofisa wa forodha wanakagua kila kitu.

"Basi karatasi iandikwe hivyo," nikasema. "Kosa la karatasi zake, kodi yake. Nikiitwa nisije, kodi yangu. La Mungu na la serikali, nusu kwa nusu."

Taibali akatikisa kichwa ile namna yao, ambayo hujui ni ndiyo au hapana. Ilikuwa ndiyo.

Tukafika kwenye kasoro, na hapo ndipo aliponichoma. Alisema atakubali lori likaguliwe uani kwake kabla sijalichukua. Akaongeza, "Lakini mkishalipokea mmelipokea. Sitaki tena mambo ya Mwidani."

Nilijua wanajua. Wafanyabiashara wote wa magari walikijua kisa kile. Mwidani, mume wangu, alinunua lori kwa tajiri mmoja wa mjini, miaka ya nyuma. Siku ya kulichukua hakuinua hata boneti. Alikwenda na mwalimu wa chuo, wakafukiza ubani, wakasoma dua, akachinja kuku mlangoni mwa ua wa mwenye mali akapitisha gurudumu juu ya damu. Kisha akapakia jamaa zake wote akawatembeza mpaka Shelly Beach wanaimba. Siku chache baadaye injini ikapasuka. Ufa ulikuwa wa zamani, umezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Akalirudisha. Tajiri akasema sipokei. Wakaenda kwa wakili, na wakili akasema lile lori limekwisha kukubaliwa. Mtu aliyelifanyia kafara na kulitumia kama lake, mbele ya mashahidi, hawezi kugeuka akasema hajaliridhia. Deni likabaki, na mwisho wake mmeusikia.

"Mama, usikasirike," alisema Taibali. "Nani atapokea lori lililokwisha kula kuku?"

Kitsao aliinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Boga, aliyekuwa ametoka kutazama magari uani akarudi, alicheka kwa sauti. Mimi sikucheka. Lakini nilimwambia Taibali, "Basi hilo nalo liandikwe."

"Kuku aandikwe?"

"Liandikwe kwamba dua na kafara si kupokea. Watu wetu watasoma dua tu, hata nikiwakataza. Boga atakuwa wa kwanza. Kupokea ni mpaka fundi tuliyemkubali sote wawili alikague, na mimi niseme nimelipokea."

Taibali alifikiri sana juu ya kifungu kile. Alisema katika maisha yake hajawahi kuweka kuku katika mkataba. Mwisho Kitsao akaandika kwa maneno ya heshima kwamba sherehe yoyote ya dini au mila, na kuliendesha kwa majaribio ndani ya ua, hakutahesabiwa kuwa ni kukubali mali. Na kasoro za siri, zile ambazo fundi hawezi kuziona siku moja, tukazikatia miezi mitatu badala ya mwaka: injini, gia, ekseli na fremu. Matairi na springi hazimo. Na likipakiwa kupita uzito wake, dhamana imekufa. Mwaka wangu nikauacha, kwa sababu nilikuwa nimeuweka wa kubadilishana na jambo jengine.

"Arubuni," nikasema.

"Hairudi," alisema Taibali. "Mama, nimekupa kila kitu leo."

"Lori lisipotoka forodhani kufika mwisho wa mwezi wa tatu, kwa sababu yoyote isiyo yangu, niwe na hiari. Nikitaka nitangoja, nikitaka nitachukua arubuni yangu yote."

"Na nikibaki na lori mkononi?"

"Utaliuza. Wewe una ua. Mimi sina."

Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Akasema nikiiacha miezi mitatu ya kasoro, yeye atanipa hiari. Nikasema hapana. Akasema basi ushuru ukibadilika niubebe wote. Nikasema hapana. Adhana ya alasiri ikalia, akaenda kuswali, na aliporudi akasema, "Andika, Kitsao. Mama huyu angeuza maji baharini."

Kitsao akaandika. Aliposoma mara ya mwisho, kifungu kwa kifungu, ilianza kwa jina la muuzaji, kisha jina la mnunuzi: Boga bin Ishaka.

Nikamsimamisha. "Nani amesema?"

"Ndivyo ilivyo kwenye karatasi ya Bwana Taibali," alisema Kitsao. "Niliifuata."

"Dada, mimi ndiye nitakayeendesha," alisema Boga. "Leseni ni yangu. Wewe hujui hata kuandika jina."

"Hiari ya kuichukua arubuni ni ya mnunuzi?" nikamwuliza Kitsao.

"Ya mnunuzi peke yake."

Majuma yale yote, nauli ile, kelele zile, na kila nilichokipigania kilikuwa kinakwenda mfukoni mwa mtu aliyekuwa akitazama magari. Sikumtukana. Nilisema tu jina libadilishwe, na nikatia kidole gumba mahali pake, nikamhesabia Taibali arubuni, na Kitsao na karani wa Taibali wakashuhudia. Boga aliondoka kabla wino haujakauka. Nilivuka feri peke yangu.

Meli ilifika mwezi wa pili. Moyo wangu ulitulia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kisha Kitsao akaniletea habari. Forodha wamelizuia. Namba iliyoandikwa kwenye ankara si namba iliyochongwa kwenye injini. Mwenye lori wa kwanza, huko Ulaya, aliwahi kubadilisha injini, na walioandika ankara wakanakili namba ya zamani. Forodha hawakusema ni wizi, lakini hawatalitoa mpaka ankara nyingine ije kwa barua kutoka Ulaya.

Kodi ya banda ilikuwa ya Taibali, bila ya ubishi; karatasi ni zake. Alilipa. Sikuwahi kumsikia akikataa. Lakini kodi si lori. Nilikwenda Changamwe, nikaambiwa barua imekwenda. Nikaenda tena, nikaambiwa jibu liko njiani. Mbata za kaskazi zilikuwa zimerundikana uani kwangu, nikaziuza kwa malori ya watu kwa ile bei ya huruma. Mwezi wa tatu ukaanza kuyeyuka.

Boga alikuja kwangu, mara ya kwanza tangu siku ile. Alikaa kwenye kibao jikoni, nilipokuwa nikikuna nazi.

"Dada, ngoja. Liko pale. Nimepita, nimeliona kwa dirisha la banda. Wallahi ni zuri."

"Mwenye rehani hatangoja."

"Ukamwombe."

Nilikuwa nimekwisha kumwomba. Nilikwenda dukani kwake na kanga mpya, nikamwomba miezi miwili. Akasema, "Bibi Waridi, makubaliano ni makubaliano," na akarudi kupima sukari.

Taibali naye alinisihi. Alisema atanipunguzia bei nikingoja. Alisema labda juma mbili, labda tatu. Nikamwuliza kama yuko tayari kuandika kwamba likikawia tena atanikombolea minazi yangu. Akatazama mikono yake akasema, "Hilo siwezi, mama." Sikumlaumu. Na mimi nisingeandika.

Siku ya mwisho ya mwezi wa tatu nilichukua arubuni yangu. Alinipa yote, akanipa na chai. Jioni ile nilikuwa dukani kwa mwenye rehani, na lile tabasamu halikuwapo. Minazi ikarudi.

Ankara ilifika kabla mwezi wa nne haujafika nusu. Lori likatoka. Taibali akamwuzia Matano, mwenye duka la nafaka hapa Likoni, kwa bei ileile aliyoahidi kunipunguzia mimi. Matano aliichukua ile karatasi yetu yote kama ilivyo, na kifungu cha kuku, akabadilisha jina tu na tarehe. Kitsao alimtoza ukurasa mmoja. Fundi akalikagua lori, hakuona kasoro. Miezi mitatu ikapita, kasoro haikuonekana. Mpaka leo halijalala njiani.

Dereva wake ni Boga.

Watu hunionyesha likipita. "Lile lilikuwa lako," husema, kama kwamba mimi silijui. Wanawake wenzangu kisimani walisema, mwanamke akishika mambo ya wanaume huishia hivyo. Hakuna aliyeniuliza minazi ingekuwa ya nani leo kama ningengoja, au kama kalamu ya Boga ingeshuka siku ile ya kwanza. Jambo lililozuiwa halina mtu wa kuliona. Lori linaonekana.

Msimu uliofuata nilikuwa na nazi nyingi, na malori mengine yalikuwa hayapatikani. Nikamtumia Matano habari. Lori likaja asubuhi, likasimama njiapanda, Boga akateremka. Alisema shikamoo, nikaitikia marahaba. Alizipanga nazi zangu vizuri, hilo sitamnyima. Tangu zamani alikuwa na mikono mizuri. Alipomaliza akapangusa uso.

"Nauli ni ileile ya watu wote, dada," akasema. "Si mimi, ni Matano."

"Najua si wewe," nikamwambia.

Nikamlipa. Akazihesabu fedha, akatia mfukoni, akapanda. Niliuliza kama kuna nafasi mbele mpaka kivukoni. Akasema Matano hataki abiria. Basi nikajitwika kikapu changu, nikashika njia kwa miguu nyuma ya mali yangu.